Tukio, Homa na Siku ya 28: Kutafsiri Muhtasari wa Jaribio la Chanjo

Muhtasari wa itifaki ya jaribio la kitabibu ni kurasa chache zinazoeleza kitakachojaribiwa, watakaojaribiwa, utaratibu utakaofuatwa na muda utakaotumika. Itifaki yenyewe huweza kupita kurasa mia moja, na wanaoisoma hadi mwisho ni wachache. Muhtasari ndio unaomfikia mjumbe wa kamati ya maadili ambaye si daktari, mwenyekiti wa bodi ya ushauri ya jamii, muuguzi wa zahanati itakayopokea watoto, na mhudumu atakayepita nyumba kwa nyumba. Wengi wa watu hawa hufanya kazi yao kwa Kiswahili, hata pale ambapo karatasi walizopewa zimeandikwa kwa Kiingereza.

Majaribio ya chanjo za malaria yanaonyesha vizuri kazi hiyo ilivyo. Chanjo ya R21/Matrix-M ilijaribiwa katika awamu ya 3 kwa watoto wenye umri wa miezi 5 hadi 36 nchini Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na miongoni mwa vituo vyake vilikuwamo Kilifi na Bagamoyo, miji miwili ya pwani ambako Kiswahili ndicho lugha ya kliniki na ya sokoni. Baadhi ya watoto walipewa chanjo ya malaria na wengine chanjo linganishi, yaani ya kichaa cha mbwa. Dozi tatu zilitolewa kwa kupishana wiki nne, kisha dozi ya nyongeza ikafuata mwaka mmoja baadaye. Mifano iliyomo katika makala haya inatoka kwenye muhtasari uliotungwa kwa ajili ya maelezo tu, lakini umejengwa juu ya umbo hilo: watoto wadogo, dozi tatu, chanjo mbili zinazolinganishwa.

Katika muhtasari wa namna hiyo, maelezo ya ugonjwa na ya lengo la utafiti hayamsumbui sana mtafsiri. Kazi ngumu iko katika sehemu tatu zinazoonekana rahisi kwa sababu sentensi zake ni fupi: vigezo vya kuandikishwa, maana ya tukio baya, na ratiba ya mahudhurio. Katika sehemu hizi mtafsiri anaandika masharti yatakayotumika kama mizani. Mtoto ataingia au hataingia kwenye utafiti, homa itaandikwa au haitaandikwa, dozi itahesabiwa kuwa imetolewa kwa wakati au imechelewa, na kila uamuzi wa aina hiyo unategemea neno moja au mawili.

Vigezo vya kuandikishwa huanza na umri. Muhtasari unasema mtoto awe na miezi 5 hadi 36 siku ya dozi ya kwanza, na tafsiri ya haraka ni hiyo hiyo: “mwenye umri wa miezi 5 hadi 36”. Haina kosa la lugha, ila inaacha maswali mawili wazi. La kwanza liko kwenye mwanzo wa kipimo. Mama akiulizwa umri wa mwanawe anaweza kujibu, “Anaenda mwezi wa tano,” na maana yake ni kwamba mtoto ametimiza minne tu. Muuguzi aliyezoea kuhesabu kwa namna hiyo anaweza kumwandikisha mtoto wiki tatu kabla ya wakati. La pili liko mwishoni. Mtoto aliyezaliwa tarehe 10 Juni hutimiza miezi 36 tarehe 10 Juni ya mwaka wa tatu. Akiletwa tarehe 25 ya mwezi huo huo, je, bado ni wa miezi 36 au amepita? Kuna itifaki zinazomhesabu kuwa ndani mpaka atakapotimiza 37, na nyingine humfungia mlango siku ile ile anapotimiza 36.

Mtafsiri hana mamlaka ya kuchagua jibu. Anachopaswa kufanya ni kuliandika swali hilo katika orodha ya maswali na kulipeleka kwa mdhamini wa jaribio, kisha jibu likija aliweke ndani ya sentensi yenyewe: “mtoto awe ametimiza miezi 5 na asiwe ametimiza miezi 37, kwa mujibu wa tarehe iliyo kwenye kadi yake ya kliniki”. Kitenzi “kutimiza” kinafanya kazi ambayo kistari kati ya namba mbili hakiwezi kuifanya. Uangalifu huo huo unahitajika kwenye “zaidi ya”. Sharti linalomzuia mtoto aliyetumia dawa za kudhoofisha kinga kwa zaidi ya siku 14 mfululizo linaanza kufanya kazi siku ya 15, lakini wasomaji wengi hulisoma kana kwamba siku ya 14 imo. “Siku 15 au zaidi mfululizo” haliachi shaka, na halibadilishi chochote katika sharti la asili.

Hatari kubwa zaidi ipo katika vigezo vya kutoandikishwa, kwa sababu hapo kukanusha hukutana na kukanusha. Orodha huanza na kichwa kinachosema kwamba mtoto hataandikishwa iwapo lolote kati ya yafuatayo lipo. Kila kipengele kilicho chini yake kinatakiwa kiwe sentensi ya kukubali: “amewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo yoyote”, “anashiriki jaribio jingine la dawa au chanjo”. Mtafsiri akijisahau na kuandika “hajawahi kupata mzio mkali”, huku akidhani anaeleza mtoto anayetakiwa, kichwa na kipengele kwa pamoja vinamkataa mtoto mzima na kumpokea yule mwenye hatari. Kosa hili hupenya kwa urahisi kwa sababu msomaji anayejua dawa husoma alichotarajia kukiona. Njia ya kulinasa ni kusoma kila kipengele kwa sauti pamoja na kichwa chake, kana kwamba orodha ni ya kipengele hicho kimoja tu.

Baada ya hapo yanakuja majina ya magonjwa, na Kiswahili cha kila siku kina mitego yake. Neno “sugu” hutumika kwa ugonjwa unaodumu muda mrefu, kama kikohozi sugu. Lakini watu wakisema “malaria sugu” mara nyingi wanamaanisha malaria isiyosikia dawa. Kigezo kinachowazuia watoto wenye maradhi ya kudumu kikiandikwa “ugonjwa sugu”, msomaji mmoja atafikiria kifafa au selimundu na mwingine atafikiria malaria iliyorudi baada ya dawa. “Ugonjwa wa muda mrefu” ni maneno manne badala ya mawili, lakini yana maana moja. “Kali” nalo limebebeshwa mizigo miwili, maana hutumika kwa ugonjwa uliozidi nguvu na pia kwa ugonjwa ulioanza ghafla. Mafua ya ghafla yanaweza kuwa mepesi kabisa. Basi “kali” libaki kwa nguvu ya ugonjwa peke yake, na mwanzo wake uitwe “wa ghafla”.

“Homa” inahitaji uangalizi wa pekee. Kwa daktari ni joto la mwili lililopanda. Mitaani ni joto, ni kujisikia vibaya, na mara nyingi ni jina la malaria yenyewe. Kwa hiyo muhtasari uliotafsiriwa vizuri hauiachi homa peke yake. Unaandika “homa, yaani joto la nyuzi 37.5 au zaidi likipimwa kwapani”, na unarudia kipimo hicho kila mahali ambapo uamuzi unakitegemea. Hali kadhalika “degedege”. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa jamii iliutambua degedege kama ugonjwa wenye sura yake na tiba zake, na haikuwa lazima uhusishwe na malaria. Neno hilo halifai kutupwa, kwani ndilo mama atakalolitamka. Lifuatane tu na maelezo ya kinachoonekana: mwili kukakamaa au kutupatupa viungo huku mtoto akiwa amepoteza fahamu.

Homa hiyo hiyo inaleta tofauti nyingine ambayo tafsiri nyingi huipoteza. Mtoto mwenye homa asubuhi ya chanjo hachanjwi siku hiyo, lakini anaweza kurudi akipona. Mtoto mwenye upungufu wa kinga haandikishwi kabisa. Cha kwanza ni kuahirisha na cha pili ni kukataa. Tafsiri inayotumia “hataruhusiwa” kwa vyote viwili inaweza kumrudisha nyumbani moja kwa moja mtoto aliyekuwa na mafua ya siku mbili.

Sehemu ya matukio mabaya ndiyo inayobeba usalama wa washiriki, na ndiyo ambayo Kiswahili kilichozoeleka kinaipotosha zaidi. Neno linalokuja haraka ni “madhara”. Lakini dhara lina chanzo: kitu kimedhuru na mtu amedhurika. Anayesema “madhara ya chanjo” ameshatoa hukumu kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha. Mwongozo wa kimataifa unaoitwa ICH E2A, wa mwaka 1994, unasema kinyume cha hapo. Kwa mujibu wake, tukio baya ni jambo lolote baya la kiafya linalompata mtu aliyepewa dawa ya utafiti, na si lazima liwe na uhusiano wowote wa kusababishwa na dawa hiyo. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe na kuvunjika mkono wiki mbili baada ya chanjo amepatwa na tukio baya, sawa na mtoto aliyepata homa jioni ya siku ya chanjo.

Jambo hili si la wanasarufi tu. Mhudumu wa kijijini aliyepewa karatasi yenye neno “madhara” hataandika habari za mwembe, kwa sababu mwembe si chanjo. Vilevile huenda asiandike kuhara, kwa sababu msimu wa mvua watoto wote huhara. Amekwisha kufanya kazi ya kuchuja ambayo itifaki imeikabidhi kwa wataalamu wanaolinganisha makundi mawili mwishoni. Katika jaribio la awamu ya 3 la chanjo nyingine ya malaria, RTS,S, lililofanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika vikiwamo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, homa ya uti wa mgongo ilionekana kwa watoto 21 kati ya waliopewa chanjo ya malaria na mtoto 1 tu kati ya waliopewa chanjo linganishi, kwenye kundi la watoto karibu 9,000 walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17. Waliopewa chanjo ya malaria walikuwa takriban mara mbili ya wenzao, lakini tofauti hiyo bado ilikuwa kubwa mno kupuuzwa. Hakuna muuguzi ambaye akiwa na mgonjwa mmoja mbele yake angeweza kusema chanjo ndiyo sababu, na hakutakiwa kusema. Tofauti ilionekana kwa kuwa kila tukio liliandikwa. Utoaji wa majaribio wa chanjo hiyo ulioanza mwaka 2019 nchini Ghana, Kenya na Malawi ulilifuatilia swali hilo, na haukuonyesha kwamba chanjo inaongeza ugonjwa huo.

Istilahi inayofaa basi ni “tukio baya la kiafya”, na “madhara ya chanjo” yabaki kwa lile tukio ambalo uchunguzi umelihusisha na chanjo. Wapo wanaoandika “tukio lisilotarajiwa”. Hilo nalo ni kosa, tena la kiufundi, kwani katika majaribio kutotarajiwa kuna maana maalumu: madhara ambayo aina yake au ukali wake haumo katika maelezo ya bidhaa. Homa baada ya chanjo inatarajiwa sana, lakini bado ni tukio baya la kiafya.

Ndani ya matukio mabaya kuna mgawanyo mwingine, na hapo ndipo watafsiri wengi hujikwaa. Kiingereza kina maneno mawili ambayo katika mazungumzo hubadilishana nafasi, lakini katika itifaki hayakutani. Moja hupima nguvu ya dalili: nyepesi, ya wastani au kali. Jingine hupima matokeo kwa maisha ya mtu. Tukio huingia katika daraja hili la pili likisababisha kifo, likihatarisha maisha, likilazimu kulazwa hospitalini au kuongezewa siku za kulazwa, likileta ulemavu wa kudumu au mkubwa, au likiwa kasoro ya kuzaliwa nayo. Kwa nguvu ya dalili Kiswahili kina “kali”. Kwa matokeo neno “zito” linafaa, kwa sababu uzito haufanani na ukali: pilipili ni kali bila kuwa nzito. Tukio zito hutakiwa liripotiwe haraka kwa mdhamini, mara nyingi ndani ya saa 24. Tukio kali lisilo zito huandikwa kwenye fomu ya kawaida na kusubiri.

Watoto wawili wanaweza kuonyesha tofauti hiyo. Wa kwanza alipata joto la nyuzi 39.4 usiku wa siku ya chanjo, akapewa parasetamoli nyumbani, na kufikia asubuhi ya pili alikuwa anacheza. Katika muhtasari wa mfano, joto linalozidi nyuzi 39 ni daraja la 3, yaani homa kali. Hata hivyo hakulazwa wala maisha yake hayakuwa hatarini, kwa hiyo tukio si zito. Wa pili alipata nimonia ya wastani siku ya 19, akala na kunyonya kama kawaida, lakini daktari alimlaza siku mbili ili amwangalie. Ugonjwa wake haukuwa mkali, ila tukio ni zito kwa sababu alilazwa. Tafsiri iliyotumia “kali” kwa vyote viwili ingemfanya muuguzi ampigie simu mdhamini kwa ajili ya mtoto wa kwanza na anyamaze kuhusu wa pili.

Vipengele vya orodha hiyo navyo vinahitaji maneno yaliyobanwa. “Kuhatarisha maisha” katika mwongozo ni hatari ya kifo iliyokuwapo wakati tukio linatokea. Tukio ambalo lingeweza kuua kama lingezidi halimo. Kiswahili kinaweza kusema hivyo bila kuzunguka: “mtoto alikuwa katika hatari ya kufa wakati huo”. “Kulazwa” nako kuna mpaka wake. Mtoto aliyewekewa dripu kwenye benchi la zahanati kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha akarudi nyumbani, mama atasema alilazwa. Itifaki nyingi hutaka awe amepokelewa wodini. Hata zile saa 24 za kuripoti zina mwanzo unaopaswa kutajwa, nao ni wakati timu ya utafiti ilipopata habari, si wakati mtoto alipougua.

Ratiba ya mahudhurio kwa kawaida ni jedwali. Safu za juu ni siku, za pembeni ni mambo ya kufanywa: kupima uzito, kutoa damu, kuchanja, kuuliza matukio. Mtafsiri hukuta herufi na namba kuliko sentensi, na hushawishika kudhani hakuna cha kutafsiri. Siku ya dozi ya kwanza huitwa siku ya 0. Katika kuhesabu kwa kawaida leo ni siku ya kwanza, kwa hiyo anayeambiwa “siku ya 28” bila maelezo anaweza kufika siku moja mapema. Jedwali la Kiswahili linahitaji mstari mmoja juu yake: siku ya kuchanjwa ni siku ya 0, na kesho yake ni siku ya 1. Vivyo hivyo daftari la mama la dalili, ambalo muhtasari wa mfano unalitaka kwa siku 7. “Siku 7 baada ya chanjo” inaacha nje siku yenyewe, ambayo homa nyingi huanza. “Siku ya chanjo na siku 6 zinazofuata” inaleta siku zile zile saba zinazokusudiwa.

Kosa lenye gharama zaidi hutokea pale wiki nne zinapogeuzwa kuwa mwezi. Tuseme dozi ya kwanza imetolewa tarehe 4 Machi. Itifaki ya mfano inataka ya pili siku ya 28 na ya tatu siku ya 56, zote zikihesabiwa kutoka dozi ya kwanza, kwa nafasi ya siku 3 mbele au nyuma. Siku ya 28 ni tarehe 1 Aprili, kwa hiyo mtoto apokewe kati ya tarehe 29 Machi na 4 Aprili. Siku ya 56 ni tarehe 29 Aprili, na nafasi yake ni kuanzia 26 Aprili hadi 2 Mei. Tafsiri ikisema “mwezi mmoja” na “miezi miwili” baada ya dozi ya kwanza, mama ataandikiwa tarehe 4 Aprili, siku ya mwisho kabisa ya nafasi, kisha tarehe 4 Mei, siku mbili nje yake. Hakuna aliyechelewa wala kusahau, na bado kila mtoto aliyechanjwa siku hiyo ataandikiwa ukiukaji wa itifaki. “Baada ya wiki nne” ingewaokoa wote, tena inakumbukika kirahisi: aliyechanjwa Jumatano hurudi Jumatano.

Saa na usiku vina matatizo yao. Muhtasari unaohesabu saa kutoka usiku wa manane ukiandika saa 8 asubuhi, Kiswahili kinataka saa mbili asubuhi, na aliyenakili namba kama ilivyo amemwita mama saa sita kabla au baada ya wakati. Usiku ni mgumu zaidi. Kwa desturi ya pwani siku huanza jua linapotua, hivyo mzee wa Kilifi akisema “usiku wa Ijumaa” anaweza kumaanisha ule unaofuata mchana wa Alhamisi, na kijana wa mjini akamaanisha ule unaofuata. Homa iliyoanza usiku huo inaweza kuangukia siku ya 6 au ya 7, ndani ya daftari au nje yake. Lugha yenyewe ina dawa yake: “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi, 3 Aprili, kwa kuwa kwa baadhi ya wadhamini wa ng'ambo mwezi hutangulia siku, na namba tupu zitasomwa kama tarehe 4 Machi.

Njia iliyozoeleka ya kukagua kazi hii ni tafsiri ya kurudi: mtu wa pili, ambaye hajaona matini ya asili, hurudisha Kiswahili kwenye lugha ya mwanzo, kisha matini mbili hulinganishwa. Inanasa maneno yaliyorukwa na kukanusha kulikogeuka. Hainasi utata unaofanana pande zote mbili. “Miezi 5 hadi 36” hurudi ikiwa kamili, na mpaka wake ukiwa wazi vile vile. “Homa” hurudi kuwa homa. Kwa hiyo kipimo cha pili kinahitajika, nacho ni kuwapa wauguzi na wahudumu wa kituo husika visa vifupi na kuwaacha waamue kwa karatasi ya Kiswahili peke yake: mtoto wa 25 Juni aandikishwe au asiandikishwe, mtoto wa dripu ni tukio zito au si zito, aliyechanjwa 4 Machi arudi lini. Wakitofautiana katika jibu, sentensi ndiyo inayorekebishwa, na marekebisho hurudi kwa mdhamini kabla ya kwenda kwenye kamati ya maadili.

Itifaki hubadilika katikati ya utafiti. Nafasi ya siku 3 inaweza kupanuliwa kuwa siku 7, au kigezo kimoja kikaondolewa. Muhtasari wa Kiswahili hubeba namba ya toleo na tarehe ile ile ya toleo la asili lililotafsiriwa, kwenye kila ukurasa, na toleo jipya likiidhinishwa nakala za zamani hukusanywa, ikiwamo ratiba iliyobandikwa ukutani kwenye chumba cha chanjo, ambayo ndiyo muuguzi anayoitazama anapomwandikia mama tarehe ya kurudi.